Vazi moja, rangi tano: picha za nguo katika maduka ya simu ya Kipevu

Mteja wa Bamburi anafungua kifurushi alicholetewa na bodaboda, analitoa gauni, analipeleka dirishani, kisha anapiga picha na kumtumia muuzaji. "Dada, hii siyo rangi niliyoona." Muuzaji, aliyeko ng'ambo ya pili ya kisiwa, anajibu kwa upole kwamba ndiyo hiyo hiyo, labda ni simu inadanganya. Kila mmoja anasema alichokiona kwa macho yake. Gauni ni lile lililoagizwa, la damu ya mzee, saizi ile ile. Picha ndiyo iliyokosewa: gauni alilovaa modo halikuwa la damu ya mzee siku ile ya kupiga picha. Lilikuwa la rangi ya maziwa, na rangi nyingine zote zilizo kwenye tangazo zimetengenezwa baadaye kwenye kompyuta.

Hilo lenyewe si kosa. Kipevu, mtaa uliobanwa kati ya gati za makontena, matangi ya mafuta na mitambo ya umeme ya KenGen, una wauza nguo ambao duka lao ni chumba chenye mafurushi, pasi, ukuta mmoja mweupe na simu. Mtindo mmoja wa gauni huja kwa rangi nne au tano. Kumpiga picha modo katika kila rangi kunataka nguo kupigwa pasi mara tano, nywele kutengenezwa tena kila linapopita gauni kichwani, na jua lisimame mahali pamoja, jambo ambalo jua la Mombasa halijawahi kulifanya. Kwa hiyo hupigwa gauni moja, na zile nyingine hugeuzwa rangi. Kazi hii ikifanywa sawasawa, mteja hana njia ya kujua na wala hana sababu ya kulalamika, kwa kuwa kitu anachokipokea ni kile alichokiona.

Wapiga picha wa zamani pale kivuko cha Likoni walikuwa wakimsimamisha mteja mbele ya pazia lililochorwa mandhari, na mteja alijua fika kwamba nyuma yake pana kitambaa na rangi ya brashi. Alilipia ndoto hiyo akiwa macho. Picha ya tangazo la nguo ni kitu kingine kabisa. Anayeitazama anatuma pesa kwa M-Pesa kwa kuiamini rangi ile, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa kuwa mwenendo usio wa haki wa kibiashara. Ndiyo maana sioni kipimo kingine cha kazi hii zaidi ya kimoja: nguo ikitolewa kwenye mfuko na kushikwa karibu na skrini mchana, ifanane. Picha ipendeze au isipendeze, hilo linafuata nyuma.

Kazi huanza kabla ya kamera kuwashwa, kwa kuchagua gauni litakalovaliwa. Wengi huchagua rangi inayouzika zaidi, au ile inayompendeza modo. Chagua ile isiyokolea na isiyong'aa: maziwa, kijivu hafifu, kaki iliyofifia. Sababu ni kwamba kitambaa cheupe-cheupe huonyesha kila mkunjo, kila mshono na kila kivuli, na kompyuta inaweza kukitia giza bila kupoteza chochote. Kitambaa cheusi kinaficha. Mikunjo yake imeshikana karibu na kiza, na ukijaribu kukifanya cheupe unavuta tofauti ndogo sana ziwe kubwa, na pamoja nazo unavuta chembechembe za kamera na vile vijisanduku vinavyoachwa na faili la JPEG lililobanwa. Gauni lililotoka kwenye nyeusi kwenda kwenye maziwa huonekana kama limetengenezwa kwa simenti. Sijawahi kuona moja lililofaa kuuzwa.

Gauni jekundu nalo lina hila yake. Mwanga ukigonga kitambaa chekundu unaruka na kuupaka wekundu kidevu, upande wa ndani wa mikono na sakafu. Ukiligeuza gauni kuwa la buluu, wekundu ule unabaki kwenye ngozi, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Maziwa hayaachi alama hiyo.

Lakini maziwa yana hatari moja, na katika pwani yetu ni ya kila siku. Modo ana ngozi nyeusi, gauni ni jeupe-jeupe, na simu ikiachwa ijipimie mwanga itaufuata uso. Uso unatoka vizuri, gauni linaungua: sehemu ya kifua inakuwa nyeupe tupu isiyo na uzi wala mkunjo. Kilichoungua hakirudi. Dawa yake ni kugusa gauni kwenye skrini ya simu ili mwanga upimwe hapo na kufungwa, kisha kuurudishia uso mwanga kwa ubao mweupe wa manila au kipande cha jablo, kile kinachofungiwa friji na televisheni, kilichoshikwa upande wa kivuli. Kama simu ina hali ya `Pro` yenye faili la `RAW`, itumike, kwa kuwa faili hilo huhifadhi daraja nyingi zaidi za mwanga.

Mahali pa kupigia napo pana maneno. Jua la saa sita mchana hapa liko juu ya utosi, hivyo macho na shingo hufunikwa na vivuli vikali. Baraza yenye kivuli saa mbili au saa tatu asubuhi inatosha, na siku ya mawingu ni bora zaidi. Kinachosahauliwa ni rangi ya vitu vilivyo mbele ya baraza. Ukuta wa jirani uliopakwa kijani, mabati ya buluu, lori lililoegeshwa na kontena la rangi ya chungwa, vyote vinarudisha mwanga wenye rangi yao juu ya gauni. Kipevu ina makontena mengi, na zaidi tangu kituo cha pili cha makontena kifunguliwe mwaka 2016. Kontena likisogezwa katikati ya kazi, picha za mwanzo na za mwisho hazitalingana, na mpiga picha ataitilia shaka kamera yake bure.

Kinga ya hayo yote ni kadi ya kijivu, ile inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Modo anaishika kifuani katika picha ya kwanza. Baadaye kwenye kompyuta picha inarekebishwa mpaka kadi isomeke kijivu kisichoegemea rangi yoyote, na marekebisho yale yale yanapewa picha zote za kikao hicho.

Kuna hatua moja ambayo ningependa kila muuzaji aikumbuke hata akisahau nyingine zote. Picha za modo zikiisha, asivue na kuondoka. Aendelee kusimama pale pale, na magauni ya rangi nyingine yaletwe moja moja, yatandazwe juu ya kifua chake, kadi ya kijivu ikiwa kando, na kila moja lipigwe picha moja tu isiyo na madoido. Kazi hii ni ya dakika chache. Inakupa rangi halisi ya kila gauni, katika mwanga ule ule, mahali pale pale, kwa kamera ile ile. Bila picha hizo, anayegeuza rangi ana jina tu la kushika, na jina halitoshi. Damu ya mzee ya muuzaji mmoja ni zambarau ya mwingine, na kijani cha jeshi kina sura nyingi kuliko majeshi.

Sasa tuingie kwenye kompyuta, na tulichukue gauni moja la pamba isiyong'aa tulifuate mpaka mwisho. Programu nitakayoitaja ni GIMP, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta kuukuu. Programu nyingine za picha zina vifaa vinavyofanana.

Kwanza tunahitaji namna ya kuisema rangi kwa namba. Ipo mizani iitwayo LAB, na GIMP inaisoma kwenye dirisha la `Sample Points`. Namba ya L ni ung'avu: sifuri ni kiza kitupu, 100 ni nyeupe kamili. Namba ya a ikipanda, rangi inaelekea wekundu, na ikishuka chini ya sifuri inaelekea kijani. Namba ya b ikipanda inaelekea manjano, na ikishuka chini ya sifuri inaelekea buluu. Kadi yetu ya kijivu, ikiwa imepata mwanga sawasawa, husoma L karibu na 50, na a na b zikiwa sifuri.

Gauni la maziwa, tukilisoma katikati ya kifua palipotandazika, linatoa L 86, a 2, b 12. Ndani ya mkunjo mmoja wa kiunoni L inashuka mpaka 60. Ile picha ya gauni la damu ya mzee lililotandazwa kifuani inasoma L 27, a 34, b 13. Hizo tatu za mwisho ndizo tunazozitafuta.

Njia ambayo karibu kila anayeanza huijaribu ni kuweka tabaka la rangi ya damu ya mzee juu ya gauni na kuchagua hali ya `LCh Color`, au kufungua `Hue-Saturation` na kuvuta vitufe. Njia hiyo hubadilisha aina ya rangi na kuuacha ung'avu ulivyokuwa. Kifua kitabaki na L 86, na damu ya mzee yenye L 86 ni waridi. Mwenye duka anaona waridi, anaambiwa "itie giza kidogo", na hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa: ung'avu unashushwa kote kwa kiasi kile kile. Kifua kimetoka 86 kwenda 27, yaani kimepoteza 59. Mkunjo uliokuwa na 60 nao unapoteza 59 na kubaki na 1, ambayo ni kiza. Gauni linakuwa na mistari myeusi kana kwamba limechorwa kwa makaa.

Kitambaa halisi hakifanyi hivyo. Rangi iliyomo ndani ya uzi hunyonya sehemu ya mwanga unaoingia na kurudisha sehemu, na sehemu hiyo haibadiliki, mwanga uwe mwingi au kidogo. Ni sawa na punguzo la bei dukani. Ukipunguza shilingi mia tano kwa kila nguo, ya shilingi mia sita inabaki karibu bure. Ukipunguza kwa asilimia, kila nguo inabaki na uhusiano wake na nyingine. Vivuli vinataka asilimia.

Tuhesabu. L 86 maana yake kitambaa cha maziwa kinarudisha takriban asilimia 68 ya mwanga. L 27 ni takriban asilimia 5. Kwa hiyo damu ya mzee hii inarudisha kiasi cha asilimia saba na nusu ya kile kilichorudishwa na maziwa. Mkunjo wenye L 60 ulikuwa unarudisha asilimia 28. Ukichukua asilimia saba na nusu ya hiyo unapata 2 na ushei, na hiyo ikirudishwa kwenye mizani yetu ni L 16. Basi mkunjo unapaswa kuwa 16, si 1. Tofauti ya kifua na mkunjo, iliyokuwa 26 kwenye gauni la maziwa, sasa ni 11 tu. Hapo ndipo macho yanaposadiki: nguo iliyokolea ina vivuli vilivyotulia, na anayeifahamu nguo anategemea kuviona hivyo hata kama hajawahi kuhesabu.

Bahati nzuri hakuna haja ya kuhesabu kila pikseli. Hali iitwayo `Multiply` inafanya hesabu hiyo hiyo. Gauni linazungushiwa mpaka kwa kifaa cha `Paths`, polepole, kwa kufuata kola, vidole na nywele, na mpaka huo unageuzwa kuwa maski ya tabaka. Nakala ya gauni inaondolewa rangi yake ya maziwa kwa `Desaturate` ili ibaki kijivu, kisha kwa `Curves` inainuliwa mpaka kifua kikaribie weupe bila kuunguza sehemu zinazopata mwanga zaidi. Juu yake linawekwa tabaka lililojazwa rangi tunayoitaka, katika hali ya `Multiply`. Kisha unasoma namba tena.

Mara ya kwanza haitoki sawa. Katika mfano wetu, tuseme kifua kimesoma L 30, a 38, b 19 badala ya 27, 34, 13. Tofauti ni 3, 4 na 6. Kila moja ikizidishwa kwa yenyewe na zikajumlishwa ni 61, na kipeuo chake cha pili ni karibu 8. Huo ndio umbali kati ya rangi mbili, na umbali wa 8 unaonekana wazi na mtu yeyote akiziweka pamoja. Picha inaegemea manjano na kung'aa kuliko gauni. Unarudi kwenye lile tabaka, unapunguza umanjano, unashusha ung'avu kidogo, unasoma tena: 28, 35, 14. Sasa umbali ni chini ya 2. Kwa picha itakayotazamwa kwenye simu, hapo inatosha. Kusukuma zaidi ni kupoteza saa, kwa sababu kitambaa chenyewe kinatofautiana kiasi hicho kati ya kifua na pindo.

Yako mambo mawili ambayo namba za kifuani hazitayaonyesha. La kwanza ni kilindi cha mkunjo. Katika nguo yenye rangi kali, mwanga unaoingia kwenye mkunjo huruka kutoka kitambaa hadi kitambaa kabla ya kutoka, na kila mruko unazidi kuchukua rangi. Kwa hiyo ndani ya mkunjo rangi si nyeusi zaidi tu, ni kali zaidi. Gauni la rangi ya chungwa huonyesha jambo hili waziwazi: mikunjo yake inaelekea wekundu. `Multiply` ya tabaka moja haijui hilo, na mikunjo inatoka ya kijivu, kama yenye vumbi. Linaongezwa tabaka la pili la rangi ile ile, nalo katika hali ya `Multiply`, hafifu sana, lenye maski inayoliruhusu mikunjoni tu. Asilimia 10 mpaka 20 ya nguvu yake inatosha.

La pili ni ukingo. Kamera haikati kitambaa kwa wembe. Pikseli za mpakani ni mchanganyiko wa gauni na kilicho nyuma yake, na katika picha yetu mchanganyiko huo una maziwa ndani yake. Gauni likiwa la damu ya mzee, mstari mwembamba wa weupe unabaki kuzunguka mkono na kiuno, na hicho ndicho kitu cha kwanza kinachomsuta fundi mvivu. Maski isogezwe nje kwa pikseli moja na ilainishwe kidogo. Penye nywele zilizoangukia begani, kazi ifanywe kwa mkono, kwa brashi ndogo. Haina njia ya mkato.

Baada ya hapo tazama vitu vidogo. Je, uzi wa mshono kwenye gauni halisi la damu ya mzee ni wa damu ya mzee, au mtengenezaji ametumia uzi mweusi kwa rangi zote zilizokolea? Vifungo vimebadilika pamoja na nguo, au vimebaki vya maziwa? Zipu je? Lebo ya ndani ya kola? Majibu hayapo kwenye kompyuta, yapo kwenye gauni lililoning'inia ukutani, na fundi anayefanya kazi bila gauni hilo mbele yake atayabuni. Nimeona tangazo ambalo vifungo vya mbao vilikuwa vya buluu kwa sababu tu vilikuwa ndani ya maski.

Nimesema pamba isiyong'aa, na nilikusudia. Satini na hariri ni habari nyingine. Ule mng'ao unaopita juu ya abaya ya satini hauna rangi ya kitambaa. Ni mwanga wenyewe umeruka juu ya uso wa uzi kabla haujaingia ndani. Ukiutia `Multiply` unauzima, na satini inakuwa kama karatasi iliyolowa. Mng'ao unatengwa kwenye tabaka lake kabla rangi haijabadilishwa, kisha unarudishwa juu kabisa kwa hali ya `Screen`. Inawezekana, ila inachukua muda mrefu kuliko kumvalisha modo gauni la pili. Shifoni inayopenyeza ngozi sikushauri kuigusa, kwa sababu rangi inayoonekana pale ni ya kitambaa na ya ngozi pamoja, na hakuna maski inayoweza kuzitenganisha.

Madera ya maua nayo, ambayo ndiyo roho ya biashara ya nguo za kike Mombasa, yaachwe nje ya kazi hii. Kiwanda kinapochapa dera moja kwa rangi tatu tofauti, hakizungushi rangi zote kwa pamoja. Pengine ua linabaki jekundu na uwanja unabadilika kutoka nyeusi kuwa kijani, huku majani yakitoka kijani kuwa dhahabu. Kitufe cha `Hue` kinazungusha vyote kwa mpigo na kuzaa dera ambalo halijawahi kuchapwa popote duniani. Kila dera lipigwe picha yake. Anayetaka kupunguza gharama alitandike kitandani au alitundike kwenye hanga, amwache modo kwa rangi moja.

Ipo pia rangi ambayo skrini haiiwezi hata ifanyweje: ile kali ya jaketi za reflekta wanazovaa wafanyakazi wa bandari. Rangi hizo humeza mwanga usioonekana kwa macho na kuutoa ukiwa unaonekana, hivyo kitambaa kinaonekana kurudisha mwanga zaidi ya kilioupokea. Fulana za mazoezi siku hizi huja kwa rangi hizo. Kamera inazigeuza manjano au waridi bapa, na hapo hakuna namba ya kulenga. Maelezo yaseme wazi kwamba nguo inawaka kuliko picha.

Faili likiwa tayari, bado linaweza kuharibika njiani. Lihifadhiwe katika mfumo wa rangi wa sRGB, kwa sababu ndio ambao simu nyingi na mitandao mingi huutarajia. Na kama fundi yuko Kipevu na mwenye duka yuko Likoni, picha isitumwe kwenye WhatsApp kama picha, itumwe kama `Document`, ili isibanwe. Kubanwa hutupa habari za rangi kwanza kabla ya kutupa umbo, na kwenye nguo nyekundu hasara hiyo huonekana mapema, kwenye kingo.

Simu ya mteja ndiyo tusiyoweza kuirekebisha. Kuna zinazokoleza kila kitu ili kufurahisha macho, na kuna zinazotia umanjano usiku ili kupumzisha macho. Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi kwa kuwa linavunja urembo wa ukurasa: picha ya mwisho ya kila rangi iwe ile iliyopigwa gauni likiwa limetandazwa kifuani kando ya kadi ya kijivu, bila kubadilishwa chochote zaidi ya kadi kusawazishwa. Mteja akiona kijivu kwenye simu yake kimekuwa cha manjano, ataelewa mwenyewe kwamba gauni nalo limesogea. Na muuzaji akiulizwa ana kitu cha kuonyesha.

Ugumu mkubwa unakuja pale rangi haijafika. Mzigo uko njiani, gauni la kijani limo ndani yake, na muuzaji anataka kuanza kupokea oda. "Fanya tu kijani, kaka, tutarekebisha likija." Anachotuma kama mfano ni picha ndogo iliyotoka kwa msambazaji wa Dubai au Guangzhou, iliyopigwa kwa taa asizozijua, na yenyewe huenda imegeuzwa rangi. Hapa fundi anapaswa kukataa, na kukataa huko ni sehemu ya ufundi. Hakuna L, hakuna a, hakuna b. Tangazo linaweza kusema kwamba kijani kinakuja, bila picha. Mteja anayetaka kijani atasubiri siku chache kwa moyo mweupe kuliko anayelipia kijani cha kubuni na kuletewa kingine, kisha nauli ya bodaboda ya kurudisha iwe ya kugombania.

Hata rangi zilizokwisha kupimwa hazidumu. Viwanda huchovya vitambaa kwa mikupuo, na mkupuo mmoja haufanani kabisa na mwingine ingawa namba ya rangi kwenye katoni ni ile ile. Damu ya mzee ya Machi inaweza kuja Julai ikiwa imesogea umbali wa 5 au 6 kwenye mizani yetu, yaani kiasi cha mteja wa zamani kuiona. Fundi mwenye mpangilio hatupi faili lenye matabaka. Analihifadhi katika muundo wa `XCF`, akiwa ameandika namba tatu za kila rangi na tarehe ya mzigo. Katoni mpya ikifunguliwa, gauni moja linapelekwa barazani asubuhi pamoja na kadi ya kijivu na kusomwa upya. Maski iko pale pale, mikunjo iko pale pale, modo hana haja ya kuitwa. Kinachobadilishwa ni tabaka moja la rangi. Picha mpya inapakiwa mahali pa ile ya zamani kabla oda ya kwanza ya mzigo huo haijatoka mlangoni.